Mfuko wa Reale Ishirini na Tisa na Robo

Mwishehe alikuwa karani wa Gokal Banyani pale Bagamoyo kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuwahi kupoteza hata pesa moja ya mtu. Jambo hili alikuwa akilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Harusini alilisema, na matangani alilisema kwa sauti ya chini. Mkewe Mize alikuwa na jibu lake: "Hujapoteza pesa ya mtu kwa kuwa zote umezifungia. Na mwenyewe akija, unamtaka alete mashahidi kuwa ni yeye."

Alikuwa mwembamba kama kalamu yake. Aliijua hati ya Kiarabu tangu chuo cha Kurani, na kwa kukaa na Mabanyani akajifunza kusoma tarakimu zao na siku zao, hata daftari la Gokal likawa kwake kama kiganja cha mkono. Daftari hilo lilikuwa na ukurasa mmoja asioupenda. Ni ukurasa wa mwisho, zilikoandikwa amana zisizo na wenyewe. Ukurasa ule ukiwa na mstari hata mmoja, Mwishehe alikula wali kama anayetafuna mchanga.

Mwezi ule wa Rajabu ukurasa ulikuwa na mstari mmoja. Nduguye Gokal, aliyekuwa na duka Unguja, alikuwa akipokea fedha za watu kule na kuzileta Bagamoyo kwa mashua, kila mtu na mfuko wake, na kila mfuko na kikaratasi chake. Safari ile mashua ilinywa maji. Mifuko mitano ilifika salama. Wa sita kikaratasi chake kiliroa, wino wa juu ukawa wingu, jina la aliyetoa na la wa kupewa yote yakapotea. Palisalia mistari mitatu ya chini. Siku: Jumatano. Fedha: reale ishirini na tisa na robo. Nambari: sitini na tatu. Mwishehe akauandika mfuko ule ukurasa wa mwisho, akaufungia sandukuni, akangoja mwenyewe atokee.

Jumatatu, mwezi ishirini na tatu wa Rajabu, akatokea Bi Mwanahija wa Kaole. Alikuwa mtu mzima mwenye kusema kidogo, mumewe alikufa akamwachia minazi sitini na deni. Minazi ile alikuwa ameiuza kwa khiyari kwa Dadi, tajiri mmoja wa mjini, kwa reale thelathini. Maana ya khiyari ni kwamba umeuza, lakini unaweza kuirudisha mali yako ukileta fedha kamili kabla ya siku mliyoandikiana. Siku ikipita, huna mti huna kuti. Siku yake ilikuwa mwezi ishirini na saba, Ijumaa, jua likichwa.

"Shikamoo, Bi Mwanahija."

"Marahaba, karani. Nimekuja kuchukua fedha zangu. Mwanangu Mtoro, mpishi kule Unguja, kaniletea reale thelathini."

"Kazitoa lini?"

"Barua yake inasema usiku wa Alhamisi, mwezi kumi na mbili. Mwalimu wa kwetu kanisomea."

Mwishehe akafungua daftari. Kidole kilikwenda mbio mpaka mstari wa ukurasa wa mwisho, kisha kikasimama, maana alikuwa mtu wa kanuni. Bibi anasema thelathini, mfuko una ishirini na tisa na robo. Bibi anasema Alhamisi, karatasi inasema Jumatano. Kitu kimoja kikikataa, karani husita. Vikikataa viwili, hufunga daftari.

"Bibi, fedha hizo hazijafika."

"Hazijafika, au hazikutoka?"

"Mimi najua zilizofika tu."

Bi Mwanahija aliweka mkono juu ya meza. "Siku kumi na moja, karani. Unguja si Uhindini."

"Huenda mtoto kazitumia, akaona haya kusema," akadakia Gokal kutoka kwenye mto wake. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ameona watoto wengi na barua nyingi. Bi Mwanahija akajifunika ushungi. Akatoka, na Mwishehe akarudi kuchonga kalamu yake, akiridhika kuwa amelinda amana ya mtu asiyemjua.

Alhamisi jioni, adhana ya magharibi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, Mwishehe alifika nyumbani akakuta Mize amevaa leso mpya, udi unafuka, sinia ya vileja imefunikwa.

"Kuna nini?"

"Kuna nini! Miraji, bwana. Tunakwenda kusomewa kwa jirani, kwa kina Dija."

"Miraji si mwezi ishirini na saba? Leo ishirini na sita, Alhamisi."

Mize akaweka upepeo chini, akamtazama kama anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini. "Jua limekuchwa. Alhamisi imekwenda na jua lake. Sasa ni usiku wa Ijumaa, mwezi ishirini na saba. Baba yako Mwislamu, mama yako Mwislamu, wewe siku zako umezinunua kwa Gokal? Kwa Banyani siku huanza na jua. Kwetu huanza na usiku. Kesho utaniuliza kibla kiko wapi."

Mwishehe alikaa juu ya kizingiti. Akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Usiku wa Alhamisi. Usiku wa Alhamisi ni ule unaotangulia Alhamisi, jua la Jumatano likisha kuchwa. Mpishi hatoki jikoni mchana. Mtoro alitoka baada ya magharibi, akalikuta duka bado lina taa. Kwake yeye ilikuwa Alhamisi, mwezi kumi na mbili. Kwa Banyani aliyekuwa akiandika, ilikuwa bado Jumatano mpaka jua la asubuhi. Ni wakati mmoja huohuo, wenye majina mawili. Na katika watu wote wa Bagamoyo, aliyelipwa kuyajua majina yote mawili alikuwa yeye.

Hesabu ya fedha ikaja yenyewe, kama mtoto anayekuja alipoitwa mwenzake. Duka la Unguja hukata ada ya kupeleka, nayo Jumatatu hakuikumbuka, reale mbili na nusu kwa kila mia. Katika thelathini ni robo tatu. Thelathini toa robo tatu, ishirini na tisa na robo.

"Mize."

"Unaumwa?"

"Nimemfukuza mwenye mali yake. Bi Mwanahija."

Mize alikuwa na maneno mengi tayari, lakini alipouona uso wa mumewe akachagua moja, maana habari ya minazi ile ilijulikana mji mzima. "Khiyari yake lini?"

"Kesho."

"Basi swali, ulale, uamke mapema. Kaole haihami."

Alfajiri ya Ijumaa akashika njia ya Kaole kwa miguu. Alikuwa na siku, alikuwa na fedha, lakini Gokal angetaka na ya tatu, nayo ni haki yake. Watu wawili waweza kutoa thelathini siku moja. Kilichobaki ni ile nambari sitini na tatu, na kama ipo popote nje ya duka, imo katika barua. Barua yenyewe hakuomba kuiona ile Jumatatu. Karani wa miaka ishirini na mmoja alisikiliza kwa masikio, akasahau kuomba karatasi.

Bi Mwanahija alikuwa akifagia uwanja. Hakumkaribisha kiti.

"Umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kuomba barua ya Mtoro."

"Ya nini, na fedha hakutoa?"

"Nipe, bibi. Nakuomba."

Akaitoa chini ya mto. Mwishehe akapita salamu, akapita habari za jikoni, akafika chini kabisa. Chini ya jina la mwandishi palikuwa na alama mbili zilizochorwa kwa mkono mzito, mkono wa mtu anayenakili asichokijua.

"Hizi mwalimu alizisomaje?"

"Kasema ni michoro ya Mtoro. Tangu mdogo hupenda kuchora."

Zilikuwa tarakimu za Kibanyani, sita na tatu. Banyani wa Unguja humpa kila anayetoa fedha nambari ya mstari wake daftarini, na Mtoro, asiyejua kuisoma, alikuwa ameichora kama alivyoiona.

"Bibi, fedha ni zako. Zimo sandukuni tangu mwezi kumi na sita. Kosa ni langu."

Alitazamia machozi, au matusi, vyote alivistahili. Bi Mwanahija aliuegemeza ufagio ukutani polepole.

"Jumatatu ileile nilirudi hapa," akasema, "nikamwandikisha mwalimu barua. Nikamwambia Mtoro kuwa ni mwongo. Nikamwambia asinizike. Radhi yangu nimeiondoa. Jumanne ikapanda mashua."

Mwishehe hakuwa na kanuni ya jambo hilo. "Twende kwanza kwa Gokal," akasema. "Jua halitungoji."

Gokal alivaa miwani, akaweka barua na kikaratasi kilichoroa pamoja. Akauliza siku, Mwishehe akamweleza usiku wa kina Mtoro na mchana wa kina Gokal. Akauliza fedha, akapigiwa hesabu ya ada. Nambari hakuuliza, aliisoma mwenyewe, kidole juu ya hii, kidole juu ya ile.

"Mpe," akasema. "Na uandike Unguja leo, wafungue mstari wa sitini na tatu, watuletee jina kwa maandishi. Likija jina jingine, karani, utalipa wewe."

"Nitalipa."

"Na hii robo tatu iliyopungua?"

Hapo ndipo Bi Mwanahija alipojua kuwa fedha hazitimii. Dadi hakuwa mtu wa kupokea ishirini na tisa na robo. Mwishehe akafungua mshipi wake, akatoa rupia moja na pesa za shaba, akahesabu mpaka robo tatu ikakamilika. Bibi alizipokea, naye akazihesabu upya.

Dadi hawakumpata mpaka alasiri, alipotoka msikitini, uso umetakata. Akahesabu mara mbili, akaigonga kila reale juu ya jiwe asikie mlio wake.

"Nilikwisha mwambia mgema wangu aanze kesho," akasema.

"Mwambie apumzike," akajibu Bi Mwanahija.

Mashahidi wawili wakaitwa, hati ya khiyari ikachanwa. Minazi sitini ikarudi kwa mwenyewe, na jua bado lilikuwa na mkono mmoja juu ya mapaa ya makuti.

Kwa mtu mwingine hadithi ingeishia hapo. Lakini Bi Mwanahija aliketi barazani kwa Gokal, hati iliyochanwa mapajani, akakataa maji, akakataa vileja Mize alivyomletea.

"Barua yangu imekwisha fika?"

Mwishehe alitamani kusema uongo. "Mashua ya Jumanne ilikuwa na upepo mzuri. Imefika Jumatano."

"Basi amekwisha isoma."

"Amesomewa, ndiyo."

"Na baada ya kusomewa hivyo, yupo kwa bwana wake, au kaondoka? Ukiandika sasa, itamkuta?"

"Sijui, bibi."

Lilikuwa neno asilolizoea kinywani. Mize, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaweka sinia chini.

Mwishehe akatandika karatasi, akachovya kalamu, akangoja. Bi Mwanahija alianza mara tatu, akaacha mara tatu. Mwisho akasema, "Radhi nimeirudisha. Hilo liwe la kwanza. Halafu mwandikie kuwa kosa si lake, wala si langu peke yangu. Mwandikie ni la nani."

Mwishehe akaandika jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, asije mtu akakosa kumjua. Kisha akaupulizia wino ukauke.