Swali Nililokuwa Nikiliruka

Mama alipopooza upande wa kulia, niliacha kazi mjini Eldoret nikarudi nyumbani Kapseret kumtunza. Blogu niliianzisha baadaye, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuongea naye. Niliandika jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, jinsi ya kumkalisha wima kabla ya kumpa uji asipaliwe. Wasomaji walipouliza jambo lilelile mara kadhaa, nililifanya makala.

Hakuna maoni yaliyoonekana kwenye blogu kabla sijayaruhusu. Mama akisinzia mchana, nilikaa kando ya kitanda na simu, nikitupa matangazo ya waganga kwenye taka na kuwajibu waliobaki.

Siku moja nilikuta haya yakisubiri: “Aibu. Unamwanika mama yako ili watu wakuhurumie. Binti gani huyo?”

Nilikuwa nimetoka kufua mashuka, na huyo mtu alikuwa ameketi mahali fulani, huru, akinipima. Niliandika jibu kali. Nikalifuta. Kidole kikasimama juu ya neno “Futa”.

“Nini?” Mama akauliza. Maneno yake yalikuwa yakitoka moja moja.

Nikamsomea. Jicho lake moja lililenga dirishani.

“Wacha aongee,” akasema.

Nikayaruhusu. Chini yake nikajibu: “Asante kwa kusema wazi. Kuhofia heshima ya mgonjwa ni jambo la haki. Sitaji jina la mama wala kuweka picha yake, na kila makala namsomea kwanza. Akikataa, haitoki. Kama kuna sentensi iliyokukwaza, nionyeshe niitazame upya.”

Hakurudi. Lakini mama mmoja wa mji wa Burnt Forest aliandika chini ya jibu langu: “Na wewe dada, nani hukushikia zamu?”

Nilirudi kwenye maoni ya zamani. Swali hilo lilikuwa limeulizwa kwa sura nyingi: unalala saa ngapi, huwa unatoka, ndugu zako wako wapi? Mengine yote nilikuwa nimeyageuza makala. Hili nililijibu kwa “asante, tuko salama” nikaendelea.

Nikaandika makala ya swali hilo. Sikuwa na ushauri. Nilisema tu kwamba sina zamu, na kwamba kuna siku lango naliona kwa dirisha tu. Nikamsomea Mama.

“Weka,” akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi. “Hayo umeandika ni mimi unasema?”

“Ni wasomaji waliuliza. Nimewajibu.”

Alikuja Jumapili. Nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza Mama, nikaacha uji wake mezani, nikavaa viatu, nikatembea hadi barabarani. Bodaboda wakaniita, “Madam, twende?” Sikujua niwaambie wapi. Nilisimama pale nikitazama ndege ikishuka kuelekea uwanja wa ndege, kisha nikarudi kabla uji haujapoa.