Doa Lisilouma

Mimi nauza nyanya Ilula, mdogo wangu anasoma Mbeya. Tangu wazazi watutoke, akiumia ananitumia picha. Asubuhi hiyo mafuta ya chipsi yalimmwagikia nyuma ya kiganja, na picha ilionyesha weupe mtupu. Nikampelekea nesi wa zahanati.

“Hiyo dawa ya meno,” akasema. “Aoshe taratibu kwa maji ya bomba, halafu mwenzake ampige picha tena, kiganja cha mkono usioungua kikiwa pembeni nione ukubwa.”

Picha ya pili ilionyesha malengelenge yamezunguka doa jeupe, kavu.

“Malengelenge asiyatumbue. Hilo doa likiguswa linauma?”

Nikampigia.

“Dada, haliumi kabisa,” akajigamba. “Pembeni ndiyo moto. Katikati pameshapona.”

Nesi akakunja uso. “Panapouma bado pana uhai. Pasipouma pameungua mpaka ndani. Tena ni mkono, hata kama ni padogo. Hospitali leo.”

Mdogo wangu akasema ataenda pakianza kuuma.

“Basi napanda gari,” nikamwambia. “Nitakushika mkono ule mzima mbele ya bweni lote mpaka mapokezi.”

Sijamaliza kufunika nyanya, picha ya tatu ikaingia. Yuko kwenye foleni ya hospitali, amenuna.