Boriti za Ukumbi

Marehemu Hashimu Sadala, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikata mikoko ya delta ya Rufiji maisha yake yote, na hakuwahi kumstahi mtu kwa sababu ya shati lililopigwa pasi. Ndiyo maana alipoketi kwenye jahazi lake kusoma kibali cha uvunaji alichopewa Kibiti, alicheka mpaka wapagazi wakageuka.

Masharti ya mwanzo aliyajua: akate katika eneo lililofunguliwa tu, asivuke korija kumi, yaani boriti mia mbili, na asiguse miti mizazi iliyopigwa rangi, ile inayoachwa ili idondoshe mbegu. La mwisho ndilo lilikuwa jipya. Kwa kila korija, mwenye kibali atatoa boriti mbili za ujenzi wa ukumbi wa ofisi.

"Hawa wanalinda msitu au wanajenga?" aliuliza. "Ukumbi! Wakutane humo wajadili mikoko ilikopotelea!"

Boriti hakutoa. Kwa dharau ileile, alipofika msituni aliiangusha na miti mizazi miwili, iliyonyooka kama minara. Mkewe, Mwanaharusi, alimwonya.

"Baba Zuena, hiyo ina rangi."

"Anayetaka boriti za bure atanifundisha mimi mti gani usikatwe? Karatasi yake yote ni upuuzi."

Mzigo ulipofika bandarini kugongwa nyundo ya misitu, alama ya kuruhusu uuzwe, afisa aliyetoa kibali, Bwana Yassin, aliuzuia. Kijana mnene wa maneno, hodari wa kusema "maendeleo" kwa kila jambo lililomnufaisha.

"Mzee Hashimu, wenzako wametoa bila kelele. Wewe una nini?"

"Wenzangu wanakuogopa. Mimi nimeshaona maafisa wengi, wote walihamishwa na mikoko ikabaki."

"Basi kibali nakifuta. Mzigo huu utataifishwa."

Hapo kicheko kilimwisha. Hakuwa na shamba wala dau la kuvulia. Kibali kikifutwa, mwaka mzima hana kazi, na boriti zile ndizo zilizokuwa zimewalaza yeye na mkewe kwenye matope kwa majuma.

Akapanda gari kwenda Kibiti kwa mpwa wake Zuhra, msaidizi wa kisheria, binti asiyebembeleza mtu.

"Mjomba, sheria ya misitu imempa afisa uwezo wa kuweka masharti. Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kunitesa."

"Kwa ajili ya msitu. Utunzwe, uvunwe kwa kiasi, mzigo ujulikane ulikotoka. Ukumbi unaingia wapi hapo?"

"Hauingii!"

"Basi kavuka mpaka. Tunakata rufaa kwa wakubwa wake, wakikataa tunaweza kwenda Mahakama Kuu. Na masharti mengine umeyafuata?"

Hashimu alitazama dirishani. "Mengi," akasema.

Rufaa ikaandikwa, na baada ya majuma kadhaa mkubwa wa misitu, mama mmoja aliyeitwa Bi Johari, akaja mwenyewe bandarini. Bwana Yassin alijiandaa. Alitoa kitabu cha sheria akasoma kwa sauti ya mimbari kwamba kibali kinaweza kuwa na "masharti mengine yatakayoonekana yanafaa."

"Mimi niliona yanafaa," alisema.

"Yanayoufaa msitu, si yanayokufaa wewe," Zuhra, aliyekuja na mjomba wake, alimjibu. "Kwa kusoma huko, mheshimiwa, ungeweza kumtaka mjomba akupikie pilau Ijumaa."

Wapagazi walicheka. Bi Johari hakucheka.

"Bwana Yassin, umepewa uwezo wa kutoa vibali upunguze miti inayokatwa, wewe ukaweka sharti la kudai mingine. Ukumbi una bajeti yake. Sharti hilo ni batili, na kibali hakifutwi kwa kukiuka sharti batili. Waliokwisha kutoa, warudishiwe boriti zao."

Hashimu akanyoosha mabega. "Nilisema mimi! Karatasi yote ni upuuzi."

"Nani kakwambia yote?" Bi Johari akageuka. "Limeanguka moja. Mengine yamesimama. Sasa tukaone ulipokata."

Wakaenda msituni. Visiki viwili vilikuwa na rangi bado kwenye magome. Alikiri kosa kwa maandishi na kulipa faini, na boriti za miti ile miwili zikazuiliwa. Zilizobaki ziligongwa nyundo, akaziuza.

"Umenishindia, halafu umenitia hatiani," alimnung'unikia Zuhra.

"Hatiani umejitia kwa shoka lako, mjomba. Ningekuuliza mara ya pili, ungesema kweli?"

Msimu uliofuata alimtaka Mwanaharusi amsomee kibali kipya polepole, sharti moja moja, na kwa kila moja akauliza, "Hili la msitu au la Yassin?" Yote yalikuwa ya msitu. Akasonya, akachukua shoka, wakaingia mkondoni.