Chafya ya Kiongozi wa Gorila

Kiongozi wa watalii huyu alikuwa na kesi moja isiyokwisha: mama mkwe wake. Kwa mama huyo, mwanaume anayelipwa kutembea msituni kutazama gorila hana kazi, ana tabia tu. "Mzururaji wangu hajambo?" ndiyo salamu yake kwenye simu. Basi jamaa alipompatia mama nafasi ya kwenda kuwaona gorila hao, alijisemea, leo ndiyo leo, atanitambua!

Alimpangia kila kitu. Mama akaja mapema, apumzike uchovu wa barabara na kuzoeza miguu kwenye vilima vya nyuma ya nyumba. Akamwekea kundi linalofuata familia ya gorila walio karibu, maana magoti yake yalikuwa ya mashaka. Ila alipomwambia siku inayofuata safari asipange kitu, mama alicheka.

"Alfajiri naenda kwa dada yangu. Unanionaje, yai?"

Asubuhi ya safari kiongozi akaamka pua inatiririka. Lo! Gorila huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi, na yeye mwenyewe alishawarudisha watu wazima wenye mafua wakalia. Lakini leo? Leo tu, aliibembeleza pua yake.

Akasimama getini mbele ya wageni wanane, suruali zimechomekwa kwenye soksi, barakoa mkononi.

"Tutakaa nao saa moja, basi. Mita kumi, wakisogea wao, tunarudi nyuma sisi. Hakuna kula, hakuna kuwasha mwanga wa kamera. Dume akija kwa fujo usikimbie. Inama, tazama chini. Na mwenye mafua..."

Chafya ikamjia. Akaimeza, macho yakamtoka.

"Mwenye mafua..."

Ikafyatuka. Ndege wakaruka juu ya paa.

"Malizia, baba," alisema mama mkwe kutoka mstari wa mbele. "Mwenye mafua anafanywaje?"

Kiongozi mwenzake aliyekuwa kando alikuwa tayari kusema hakusikia kitu. Kiongozi alimtazama mama mkwe, akatazama msitu. Angeweza kusingizia vumbi.

"Anabaki, mama."

Akamkabidhi mwenzake redio. Roho ilimuuma kama mtoto aliyenyimwa sikukuu.

Mchana walirudi. Mama mkwe alikuwa tope hadi kiunoni, fimbo mkono mmoja, mpagazi mkono wa pili. Akajitupa barazani, akashindwa kukunja mguu.

"Nilisema kesho usipange kitu," alisema kiongozi kutoka mbali, barakoa usoni.

"Nyamaza. Nipe simu. Hapana, usiishike, una mafua!"

Akampigia binti yake.

"Mama yako mkubwa mwambie siji kesho. Magoti yamegoma... Eeh, nimewaona. Kuna mama yao amepakata kichanga hivi, kidogo, kinavuta pumzi. Sikiliza. Mumeo ana kazi. Leo nimemwona akiifanya."

Binti akashangaa. "Si nasikia amebaki getini?"

"Ndiyo hiyo ninayoisema," alijibu mama.

Kiongozi akapiga chafya nyingine, kubwa, bila kujificha.