Amani kwa Nje, Binti kwa Ndani

Kanisani kwao Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, wanawake wakimwombea bi harusi walisema, "Mungu akupe ndoa kama ya Mama Aurore." Perpétue, huyo Mama Aurore mwenyewe, kila alipoyasikia maneno hayo alitabasamu na kujifanya anatafuta kitu mkobani.

Alikutana na Sébastien kwenye darasa la Kiswidi, wote wawili wakiwa wamekimbia vita vya Kivu, Kongo. Yeye alikuwa msichana bado. Sébastien alikuwa mtu mzima, mgane: mkewe Colombe alikuwa amepotea siku kijiji chao kiliposhambuliwa, na waliookoka waliapa kwamba aliuawa. Walipooana, Perpétue alimpa mume wake ujana wake wote. Alisafisha ndege kwenye uwanja wa Arlanda mpaka magoti yakamuuma, akamzalia Aurore, akamlea hadi binti akaenda chuo kikuu, mji wa Lund. Hakulalamika. Nyumba ilikuwa na kicheko.

Lakini mwaka mmoja kicheko kilibadilika. Sébastien alianza kuosha vyombo bila kuombwa. Akikosewa, yeye ndiye aliyeomba msamaha. Perpétue akitia chumvi nyingi kwenye sombe, kisamvu cha kwao, mume anakula na kushukuru. Hawakugombana hata kwa neno moja, na jambo hilo ndilo lililomtia hofu. Mtu unayeishi naye hakutendei kama mgeni bila sababu.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana akapanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, hadi Hallonbergen, kwa Winifrida. Huyu alikuwa Mtanzania mwenye umri wa kumzidi, mpimaji wa maji ya jiji. Alipokuwa mwanafunzi Uchina, bibi mwenye nyumba alimfundisha elimu ya kale ya Wachina ya kutafuta jibu la swali kwa kusoma mistari sita. Hakuifanya biashara, wala hakuiita uganga.

"Yaya, mchungaji akijua atanifukuza," Perpétue alisema akivua koti, akimwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao.

"Basi asijue. Wewe sema unachotaka kuuliza, tena useme wazi."

Perpétue akafikiri. "Mimi na Papa Aurore tunapatana. Watu wote banaona. Nataka kujua: hii kupatana iko na nini chini yake?"

Winifrida akampa sarafu tatu. Upande mmoja wa sarafu ulihesabiwa tatu, wa pili mbili. Perpétue alizirusha mezani, Winifrida akajumlisha: saba. Jumla ikiwa witiri, mstari ni mzima. Ikiwa shufwa, mstari umekatika katikati. Akachora mstari mzima chini kabisa ya karatasi, kwa kuwa mchoro hujengwa kama nyumba, kuanzia msingi. Saba tena. Saba. Kisha nane, nane, nane. Mistari mitatu mizima chini, mitatu iliyokatika juu.

"Mbingu iko chini, nchi iko juu," Winifrida alisema. "Nchi ni nzito, inashuka. Mbingu ni nyepesi, inapanda. Kwa hiyo zinakutana katikati. Mchoro huu unaitwa Amani."

Perpétue akashusha pumzi. "Kumbe ni mimi tu na mawazo yangu."

Angeweza kuvaa koti lake akaondoka. Lakini Winifrida alikuwa bado ameinamia karatasi.

"Ungepata sita au tisa, mstari ungekuwa unageuka, nasi tungefuata unakokwenda. Hapa hakuna uliogeuka. Mchoro umetulia kama ziwa la barafu. Nawe hukuuliza habari za juu, mdogo wangu. Umeuliza kilicho chini."

"Basi niambie cha chini."

Winifrida akafunika kwa vidole mstari wa kwanza na wa sita. "Hii ni ngozi, ndiyo watu wanayoiona. Tuiache. Tunachukua ya ndani: wa pili, wa tatu na wa nne inakuwa nusu ya chini. Halafu wa tatu, wa nne na wa tano inakuwa nusu ya juu. Wa tatu na wa nne inatumika mara mbili, maana ndiyo kiini."

Akachora upya pembeni. Nusu ya chini: mzima, mzima, uliokatika. "Hili ni Ziwa. Ni binti mdogo." Nusu ya juu: mzima, uliokatika, uliokatika. "Hii ni Radi. Ni mwanamume mkubwa." Akaweka kalamu chini.

"Yaya, usinifiche."

"Radi juu ya Ziwa. Jina lake ni Binti Anayeolewa. Zamani kule, ni msichana anayemfuata mume ambaye ana mke tayari. Anaingia kama bibi mdogo. Mchoro unaonya kwamba akijisukuma mbele, ataumia."

Perpétue akausukuma mchoro pembeni. "Ana mwanamke mwingine."

"Mimi sikusema hivyo. Naona nyumba yenye wake wawili. Nani ni nani, mistari haisemi. Muulize mumeo. Na uulize bila matusi."

Njiani alimtafuta yule msichana kwenye kila sura. Magdalene wa kwaya? Yule wa dukani anayecheka ovyo? Alipofungua mlango, Sébastien alikuwa jikoni akimenya viazi. Perpétue hakuvua hata viatu.

"Papa Aurore, ni nani huyo mwanamke?"

Kisu kikasimama. Sébastien hakushangaa, na kule kutoshangaa kulimchoma Perpétue kuliko jibu lolote.

"Amekuambia nani?"

"Ni kijana? Anaishi hapa Stockholm?"

"Hapana." Akakaa, mikono ikiwa bado na maji. "Ni Colombe. Yuko hai. Yuko Uganda, kambini. Watu walimbeba akiwa na risasi mguuni, wakavuka naye mpaka. Alinipata kupitia jamaa wa Uvira, mwanzoni mwa mwaka huu."

Perpétue alilishika kabati. Njia nzima alikuwa akimtafuta binti aliyeingia katika nyumba ya mwenzake, na kumbe binti huyo alikuwa yeye.

"Na yeye anajua mimi niko?"

"Anajua. Hajaolewa tena. Alikuwa ananingoja." Sébastien akaanza kulia. "Niliogopa kukuumiza. Nikasema, nitakuwa mwema kwako kwa kila kitu."

"Sikukuomba wema," Perpétue alisema. "Afadhali ungenigombeza."

Siku iliyofuata, baada ya ibada, aliomba simu ya mumewe akapiga mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Ikaitika sauti ya mwanamke, ya chini, yenye Kiswahili cha kwao kabisa.

"Ni Perpétue."

Colombe akasema, "Dada, asante. Umenitunzia."

Hakuna tusi ambalo lingemvunja kama lile neno. Alirudisha simu, akaenda kukaa bafuni, akafungulia maji ili Sébastien asimsikie.

Sébastien alisema hatakwenda popote, kwamba ndoa yao ni ndoa. Perpétue alimtazama kwa wiki kadhaa akishtuka kila simu ilipolia, kisha akamwambia aende. Alimpigia pasi mashati, akampeleka kwa treni hadi Märsta, wakangoja basi la uwanja wa ndege. Pale kituoni alimnyooshea kola.

"Nitarudi," Sébastien alisema.

"Usiape. Nenda ukamwone mke wako."

Alirudi kweli, mwezi uliofuata, akamkuta Perpétue amehamia chumba cha kupanga karibu na Winifrida. Aurore alimpigia mama yake akilia kwa Kiswidi, akimwuliza kwa nini hakupigania ndoa yake. Perpétue alimjibu kwa Kiswahili, polepole, kwamba hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Siku hizi anasafisha ndege zamu ya asubuhi. Kanisani amehamia benchi la nyuma. Majira haya ya kuchipua kulikuwa na harusi, na mwanamke mmoja mgeni, asiyejua habari, alimwomba ambariki bi harusi. Perpétue alimshika msichana mikono, akafungua mdomo, na maneno hayakuja. Akamkumbatia tu, akamshika kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutazamana.