Kinyume na Darasa la Tano

Binti wa Kinyume alimaliza darasa la nne mwezi uleule baba yake alipochaguliwa kuingia Baraza la Wilaya. Nyumba ikawa na sherehe mbili na swali moja. Swali alilileta binti mwenyewe, mezani, kabla maji ya kunawa hayajapoa.

"Baba, darasa la tano liko wapi?"

"Lipo kule misheni kuu."

"Lile la wavulana. Nauliza langu."

Langu lake halikuwapo. Misheni ilikuwa na madarasa manne ya wasichana, na baada ya hapo ikawafundisha kushona vitambaa vya meza kwa ajili ya watu wenye meza. Mama yake binti, ambaye alivishona vingi akiwa msichana na hakubahatika kukiona hata kimoja mezani, alimtazama mumewe.

"Si wewe ndiye mbunge wetu sasa?" alisema. "Mjibu mtoto."

"Mjumbe wa baraza, mama watoto. Si mbunge."

"Basi mjibu kijumbe."

Hivyo ndivyo Kinyume alivyopata ajenda yake. Jina lake la utani, ambalo serikali na kanisa walishindwa kulifuta, lilitokana na shule yake ya kwanza. Shule hiyo ilikuwa na ukuta mmoja mzima, kuta tatu za nusu, na kitabu kimoja. Katekista, ambaye alikuwa pia mpiga kengele na fundi wa paa, alikiweka kitabu sakafuni katikati, na wanafunzi wakakizunguka kwa magoti. Waliowahi walikaa upande ambao herufi zilisimama kwa miguu. Waliochelewa walikaa upande ambao zilisimama kwa vichwa. Mbuzi wa baba yake hawakuwa na haraka na elimu, kwa hiyo yeye alichelewa kila siku. Mwaka ulipokwisha alikuwa msomaji hodari kuliko wote, mradi kitabu kiwe juu chini.

Alipokuja mkaguzi wa serikali, misheni nzima ilitoka jasho. Serikali ilitoa ruzuku kwa shule ambazo watoto wake wanasoma kweli, si kuimba walichokariri, na wakaguzi walikuwa wamekwisha kuimbiwa sana. Huyu alimpa Kinyume kitabu. Mtoto akakipokea kwa heshima, akakipindua, akasoma bila kukwama. Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyeshika mkono wa mwizi ndani ya mfuko wake. Akatoa kwenye mkoba tangazo la serikali kuhusu kuogesha ng'ombe, jipya, ambalo halijabandikwa popote. Mtoto akalipindua nalo, akalisoma lote, pamoja na jina la mpiga chapa. Kisha akauliza kama mbuzi nao wamo.

Ruzuku ikatoka. Padri akampeleka mtoto bweni la misheni kuu, ambako walimgeuza macho, asome kama wengine, kwa miezi kadhaa ya mateso. Huko alijifunza hesabu, historia ya wafalme wa watu wengine, na kulala kwa kengele. Akabatizwa, akapewa jina la mtakatifu ambalo hakuna aliyelitumia. Alipohitimu alirudi kuwa mwalimu wa shule ileile ya ukuta mmoja. Asubuhi alifundisha watoto. Jioni alifundisha watu wazima waliotaka ubatizo, na hao walisoma kwa njia moja tu: mwalimu anauliza, darasa zima linajibu kwa sauti moja, tena na tena, hadi jibu litoke lenyewe kama chafya.

Nusu ya watu wazito wa wilaya walipita mikononi mwake. Aliyekaa zaidi ni chifu mzee. Chifu alikuwa na wake wanne na hakuona ni yupi wa kupunguza, kwa hiyo Padri hakuweza kumbatiza. Lakini alipenda darasa. Alirudia mafundisho kila yalipoanza upya, akikaa mbele, akijibu kwa sauti kuliko wote. Waliokuja baada yake walibatizwa, wakaoa, wakaleta watoto wao kubatizwa, na chifu bado yumo darasani.

Kisha mkuu wa wilaya akamwomba Padri kijana mwenye mwandiko mzuri, na Kinyume akawa karani. Akisimama mbele ya meza ya mkuu, alisoma kila karatasi iliyokuwa upande wa pili bila kuinamisha shingo. Mkuu aliandika kwa wakubwa wake kwamba karani huyu ana kipaji cha kujua faili itakayotakiwa kabla haijatajwa. Aliipiga taipu barua hiyo karani mwenyewe, hakuona cha kusahihisha.

Makarani, walimu na wauguzi wa misheni, kama ilivyotarajiwa, wakaunda chama. Utaratibu waliutoa kwenye halmashauri ya parokia: mwenyekiti, makamu, katibu, mhazini, na wasaidizi wa hao wote. Kwa muda mrefu chama kilikuwa na viongozi watupu. Mwanachama wa kawaida alipopatikana walimshangilia, wakampa cheo. Lakini walijua kuandika maombi ambayo mkuu wa wilaya hakuweza kuyatupa kwa kosa la utaratibu, na serikali iliporuhusu kiti kimoja cha kuchaguliwa barazani, chama kilikuwa na mtu tayari. Kinyume akaacha ukarani, mama mkwe akanuna, kura zikatosha.

Alipoingia barazani akagundua kwa nini wazee wote walikuwa wapole. Viti vingine vyote vilikuwa vya walioteuliwa na serikali: chifu na wakubwa wa vijiji. Hoja ya serikali ilipita kwa sababu mkuu aliuliza, "Kuna anayepinga?" na kimya kikafuata. Hoja ya mjumbe ilihitaji mtu wa kuiunga mkono kwa kuinua mkono, na hakuna mzee mwenye akili timamu aliyewahi kuinua mkono mbele ya ofisa wa serikali. Wa mwisho kufanya hivyo, zamani, alijikuta anasimamia barabara ya kwenda machimboni, hadi machimbo yalipofungwa.

Kinyume alitoa hoja yake: baraza lijenge jengo la darasa la tano la wasichana, misheni itoe mwalimu. Alizungumza vizuri mno, kwa vipengele vyote.

"Nani anaunga mkono?" aliuliza mkuu.

Mikono yote ilikaa mapajani. Mmoja aliikalia kabisa.

"Hoja imeanguka," alisema mkuu, kwa huruma ya mtu ambaye hakuitaka.

Nyumbani hawakumlaumu, jambo lililokuwa baya zaidi. Binti alimletea chai na kitambaa cha meza alichokianza. Kilikuwa na ua moja, lenye hasira.

"Nimeanza mapema, Baba," alisema. "Wakati wa kushona ninao mwingi."

"Kikao kijacho nitairudisha hoja."

"Kwani kanuni zinaruhusu?"

"Zinaruhusu mara moja tu. Ikianguka tena, mpaka mwaka ujao."

"Mwaka ujao nitakuwa nimemaliza mapazia," alisema binti, akaenda zake.

Kikao kilichofuata Padri alikuwapo kama mgeni, amekuja kueleza kwamba jambo hili ni jema lakini wakati haujafika. Mkuu alikubaliana naye kabla hajamaliza. Wazee walisinzia kwa nidhamu. Kinyume alisimama na karatasi zake, akaangalia nyuso zile alizozifundisha zote jioni za miaka ile. Hotuba ikaruka. Kilichobaki kinywani ni kile kilichokuwamo tangu zamani.

"Haya," alisema, kwa sauti ya mwalimu wa jioni. "Mtoto ni zawadi ya nani?"

Chifu alifumbua macho. "Ya Mungu," alijibu, na baraza zima likajibu naye, kwa mlio mmoja.

Mkuu wa wilaya alidondosha kalamu.

Kinyume mwenyewe alishtuka. Lakini mwalimu akishapata jibu haachi.

"Wavulana ni zawadi?"

"Ni zawadi."

"Na wasichana ni zawadi?"

"Ni zawadi."

"Zawadi huachwa nusu?"

Hili halikuwamo katika mafundisho. Darasa likasita kidogo, likamtazama chifu, mwanafunzi mkongwe. Chifu alifikiri kwa macho juu ya dari. Alikuwa na mabinti kumi na moja.

"Haiachwi," alisema.

"Haiachwi," lilisema baraza.

"Basi tuwajengee nini?"

"Darasa."

"La ngapi?"

"La tano." Na mzee mmoja wa nyuma, ambaye siku zote alitangulia wenzake, akaongeza, "La sita."

"Tutafika," alisema Kinyume. "Bwana Mwenyekiti, hoja imeungwa mkono."

"Hakuna aliyeinua mkono," alisema mkuu.

"Kanuni inasema mjumbe aonyeshe bayana kuwa anaunga mkono, Bwana Mkubwa. Mkono ni mazoea. Kanuni hizo nilizipiga taipu mimi."

Mkuu alizifungua. Kinyume, akiwa upande wa pili wa meza, alimwonyesha mstari. Mkuu akasoma, akafunga, akamgeukia Padri kama mtu anayetafuta mlango.

"Padri, wewe unawafahamu. Hawa si wanaimba tu? Hivi wanajua wanachosema?"

Padri aliwatazama wazee mmoja mmoja. Wazee waliokuwa mbele yake wote, isipokuwa chifu, aliwabatiza yeye kwa mikono yake, na aliwabatiza kwa majibu yaleyale, kwa sauti ileile. Akisema wanaimba tu, itabidi aanze upya wilaya nzima. Na ripoti zake kwa askofu zilikwisha kupelekwa.

"Wanajua," alisema Padri, polepole. "Nilihakikisha."

"Una hakika?"

"Kabisa," alisema Padri, kwa uso wa mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Kuna anayepinga?" aliuliza mkuu, kwa mazoea, na kimya cha barazani, kile cha siku zote, kikafuata. Karani mpya akaandika kwamba imepita kwa kauli moja. Kwa kweli ilikuwa kauli moja.

Darasa lilijengwa kule misheni kuu kabla ya mvua, na Padri, aliyekwisha kuhakikisha, akalazimika kumtafuta Sista wa kulifundisha. Siku ya kuandikisha, chifu alifika na mabinti watano wa umri unaofaa na wawili wasiofaa. Akataka wakae mbele.

"Chifu, na wewe unakaa?" aliuliza Sista, maana mzee alikuwa amekwisha kupata dawati.

"Nasikiliza tu," alisema chifu. "Endelea, mwalimu."

Binti wa Kinyume alikuwa wa kwanza katika daftari. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani, akala, akanywa maji, akaeleza kwa utulivu makosa ya baba yake katika historia ya wafalme. Baba alikubali mawili, akakata rufaa juu ya la tatu. Mama akamwuliza kuhusu kile kitambaa cha meza.

"Nilimpa Padri," alisema binti. "Yeye ana meza." Kisha akamgeukia baba yake. "Nimesikia la sita halijaandikwa kwenye ajenda. Kikao ni lini?"

Kinyume alivaa viatu, akaenda kumtafuta yule mzee wa nyuma.