Pale Harusi Ilipokwama

Dada yangu mkubwa alifika kwetu Nakuru wakati wa ghasia na kafyu, mtoto mchanga mgongoni, nguo zinanuka moshi. Mume wake alikuwa amebaki shambani, juu kule Molo, kufungulia ng'ombe. Alisema atawafuata. Tangu hapo simu yake haikushika.

Filamu zetu zote, hata video ya harusi yangu, nilikuwa nimeziweka kwenye kompyuta chumbani. Chini ya televisheni sebuleni kulikuwa na kidude cha kuzivuta kutoka huko bila waya, kupitia ruta, kisanduku cha Wi-Fi ya nyumbani. Intaneti ilikuwa imekatika, na Mama akadhani hatutaona kitu. Nikamwambia filamu inatoka chumbani hadi sebuleni tu, haipiti barabarani kwenye matairi yanayoungua.

Dada aliomba harusi. Humo shemeji anapita na kreti ya soda begani, anageuka, anaichekea kamera, basi. Hakukuwa na video nyingine yake popote.

Kwenye video wanawake wakapiga vigelegele, shemeji akatokea, akageuka, picha ikakwama. Uso wake ukajaa kioo. Kesho yake ikakwama palepale. Nilitukana ruta, nikatukana kidude, nikatukana hata aliyeniuzia. Dada alisogeza stuli karibu na televisheni.

Siku ya tatu ndipo nikaangalia watu badala ya mashine. Vigelegele vilimwamsha mtoto, Mama akakimbilia jikoni kumpashia maziwa kwenye maikrowevu. Maikrowevu na ruta vinatumia mawimbi ya namna moja, na maikrowevu ikiwaka inafunika mawimbi ya ruta. Nilifurahi kama mjinga. Nikatandaza waya kutoka ruta hadi kwenye kompyuta na mwingine hadi kwenye kidude, nikaita watu waje waone kazi ya fundi, nikawaeleza na habari ya maikrowevu.

Vigelegele vikapigwa, mtoto akalia, maikrowevu ikanguruma. Shemeji akatokea, akacheka, akapita zake. Keki ikakatwa.

"Mbona leo haijasimama?" dada akauliza.

"Nimeitengeneza."

"Nani alikutuma?"

Nikampa rimoti, nikamwonyesha kitufe cha kusimamisha. Akanirudishia.

"Nikibonyeza hii, ni mimi nimemshika. Ile ikikwama yenyewe, ni kama yeye ndiye amekataa kuondoka."

Nilikasirika, sijui kwa nini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Moshi ulikuwa bado unaonekana upande wa mtaa wa chini. Nilijua, na yeye alijua, kwamba kama shemeji angekubali kuondoka siku ile wangefika wote watatu.

Mpaka leo shemeji hajaja, na hatujapata hata wa kutuambia alikoishia.

Jioni ile nilichomoa nyaya nilizojivunia, nikarudisha harusi mwanzo. Mtoto alikuwa ameshiba, amelala fofofo. Vigelegele vilipoanza, Mama alinitazama, akainuka, akaenda jikoni, akaweka kikombe cha maji kwenye maikrowevu, akaiwasha.